Gramu 700 za wali zina wanga kiasi gani? Kisa cha mlo wa jioni kabla ya kilomita 42 za Moshi

Tuchukue mkimbiaji wa kilo 60 aliyejiandikisha kukimbia kilomita 42 za Mbio za Kilimanjaro. Mbio ni Jumapili alfajiri mjini Moshi, naye anatoka Dar es Salaam kwa basi Jumamosi asubuhi. Amesoma kwamba kabla ya mbio ndefu mtu ajaze wanga, akapata na kipimo chake: gramu 10 kwa kila kilo ya mwili, yaani gramu 600 kwa yeye. Akachukua karatasi, akaandika mlo wa jioni ya Jumamosi hivi: wali gramu 700, chapati mbili za gramu 80 kila moja, maharage gramu 250, robo ya kuku na soda moja.

Akafungua jedwali la vyakula, akaona mchele una wanga gramu 78 katika kila gramu 100, unga wa ngano 76, maharage 60. Akazidisha. Wali ukampa 546, chapati 122, maharage 150, na soda, kwa maandishi ya kwenye chupa, 32. Jumla 850. Akaridhika kwamba sahani moja ya jioni imevuka lengo la siku nzima, hivyo njiani hana haja ya kujisumbua. Ndani ya basi atakunywa maji kidogo, kwani hakuna anayependa kumsihi dereva asimame porini.

Hesabu hiyo ina kosa moja lililorudiwa mara tatu, na kosa hilo limezaa kosa la pili lililo kubwa zaidi. Tuanze na la kwanza.

Takwimu ya 78 ni ya mchele mkavu, ule ulio kwenye gunia. Wali ni mchele uliokunywa maji. Mchele wa gramu 250 ukiiva vizuri, ukachambuka, unatoa wali wa gramu 700 hivi. Gramu 450 zilizoongezeka ni maji matupu, hayana wanga hata chembe. Wanga uliomo sufuriani ni ule ule ulioingia na mchele: 250 mara 0.78, sawa na gramu 195. Basi gramu 700 za wali wa mkimbiaji wetu zina wanga 195, si 546. Chapati nazo zimebeba maji na mafuta juu ya unga, na chapati ya gramu 80 ina wanga wa gramu 35 hivi, kwa hiyo mbili ni 70. Maharage yaliyochemshwa yana kama gramu 23 katika kila 100, na humo ndani zimo nyuzinyuzi kati ya gramu 6 na 7 ambazo tumbo halizigeuzi kuwa sukari. Ukizitoa, gramu 250 za maharage zinampa 40 tu. Soda peke yake ndiyo aliyoihesabu sawasawa, maana chupa inaeleza kinywaji kilichomo ndani yake kama kilivyo.

Jumla ya kweli ni 195, 70, 40 na 32, yaani 337. Karatasi ilisema 850.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye neno lenyewe. Jikoni na hospitalini tunasema "wanga" tukimaanisha kundi zima la vyakula vya kutia nguvu, na sukari imo. Kwa hesabu ya mbio hilo halina ubaya, kwa sababu mwili unaigeuza wanga ya mchele kuwa glukosi na kuiweka kwenye misuli na ini kama glaikojeni, na sukari ya chai sehemu yake kubwa inaishia huko huko. Kisichohesabiwa ni nyuzinyuzi. Kwa hiyo unapotazama jedwali au pakiti, jambo la kwanza ni kujua kama safu ya wanga imezijumuisha nyuzinyuzi au imeziacha nje. Pakiti zenye maandishi ya mtindo wa Kimarekani huzijumuisha, na inabidi uzitoe mwenyewe. Za mtindo wa Kiingereza na wa Ulaya zimeshazitoa, ukizitoa tena utajipunja. Majedwali ya viinilishe vya vyakula yapo ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018, na yote yana vyakula vyetu kwa majina tunayoyajua. Jambo la pili ni kusoma kama mstari ule ni wa chakula kibichi au kilichopikwa. Mchele unaonekana mara mbili, na tofauti kati ya mistari hiyo miwili ni karibu mara tatu.

Njia isiyokosea ni kupima kabla ya kupika. Ukishajua mchele mkavu ulioingia sufuriani, huna haja ya kujua maji yalikuwa mangapi, moto ulikuwaje wala mfuniko ulikaa vipi. Na mizani si lazima uwe nayo nyumbani. Muuza duka anakupimia robo kilo, nawe unajua bila shaka kwamba umebeba gramu 195 za wanga mfukoni. Ukiipika robo hiyo yote na kuigawa katikati, kila nusu ni 97 na kitu. Kama mizani ya jikoni ipo, pima sufuria tupu kwanza. Tuseme ni gramu 480. Wali ukiiva, pima tena sufuria na vilivyomo, uone 1,180. Ukitoa, wali ni 700. Gawanya 195 kwa 700, unapata gramu 28 za wanga katika kila gramu 100 za wali huo. Sahani ya gramu 400 ni 112. Hapo umejipatia takwimu ya sufuria yako mwenyewe, na ni ya kuaminika kuliko ya kitabu chochote.

Umuhimu wake unaonekana wali ukiwa bokoboko. Robo ile ile ya mchele ikimiminiwa maji mengi inaweza kutoa wali wa gramu 900, na hapo kila gramu 100 ina wanga 22 tu. Sahani ya gramu 400 ambayo jana ilikupa 112 leo inakupa chini ya 90, ingawa kwa macho zimelingana. Ugali una tabia hiyo hiyo. Sembe gramu 200 ina wanga wa 154 hivi. Ukisongwa mgumu na kutoa bonge la gramu 500, kila 100 ina 31. Ukisongwa laini na kufika gramu 650, ina 24. Ndiyo maana mtu akiuliza "ugali una wanga kiasi gani?" jibu sahihi ni kumuuliza ulisongwa kwa unga kiasi gani.

Kwa anayekula hotelini au kwa mama ntilie, ambako hakupima mchele mwenyewe, kipimo kizuri ni ujazo. Kikombe cha mililita 250 kikijazwa wali wa kuchambuka bila kushindiliwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Kikombe cha plastiki chenye mistari ya mililita kinatosha kuwa mizani ya safari. Mahesabu ya namna hii yanaweza kukosea kwa gramu tano au kumi kwa sahani, na hilo halina madhara yoyote. Linaloumiza ni kukosea kwa 350, kama ilivyokuwa kwa wali wa kwenye ile karatasi.

Sasa kosa la pili. Kwa kuamini kwamba jioni inatosha, mkimbiaji aliuacha mchana utupu. Asubuhi alikusudia chai na maandazi mawili, wanga 60 hivi. Njiani basi likisimama kwa dakika ishirini, chipsi kuku, labda 80. Kufika Moshi saa kumi jioni atakuwa na gramu 140 tangu alipoamka, kati ya 600. Kisha ndipo aukabili ule mlo: wali, chapati, maharage, kuku na soda vinafika kilo moja na nusu hivi kwa mara moja. Watu wengi wa kilo 60 hawaumalizi. Akiishia nusu, ameingiza gramu 170 hivi, na siku nzima imefunga kwa 310. Hiyo ni gramu 5 kwa kilo, nusu ya alichokusudia. Na akijilazimisha kuumaliza, atalala na tumbo lililojaa maharage na mafuta ya chapati, saa tisa usiku akiwa bado anacheua.

Kile kipimo cha gramu 10 hadi 12 kwa kilo ni cha siku nzima, na wataalamu wa lishe ya michezo wanakitaja kwa saa 36 hadi 48 kabla ya shindano linalozidi dakika 90. Ipo sababu ya kimwili ya kuutawanya wanga huo. Misuli huweka glaikojeni taratibu, saa baada ya saa, kadiri sukari inavyoingia kwenye damu. Siku moja kamili ya kula kwa kiwango hicho, huku miguu imepumzika, inatosha kuijaza misuli ya mtu aliyefanya mazoezi. Lakini siku moja maana yake ni siku, kuanzia kifungua kinywa. Mlo wa jioni ndio unaofunga kazi iliyofanywa tangu asubuhi, hauwezi kuifanya yote peke yake. Wakimbiaji wa Kenya wa kiwango cha juu waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa 2004 walikuwa wakila gramu 10 na ushei kwa kilo kila siku kwenye kambi ya mazoezi, na waliufikia kiwango hicho kwa ugali, mkate, wali, viazi na chai yenye sukari nyingi vilivyotawanywa toka asubuhi hadi usiku. Hakuna mlo mmoja uliobeba mzigo wote.

Kwa hiyo tuipange upya Jumamosi ya mkimbiaji wetu, basi likiwa ndani yake, kwa sababu basi halikwepeki.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajatoka nyumbani: slesi nne za mkate mweupe, kila moja 14, ni 56. Asali vijiko viwili vikubwa, 34. Chai ya rangi yenye vijiko viwili vya sukari, 8. Ametoka nyumbani na 98. Saa tatu, ndani ya basi: ndizi mbivu mbili kubwa zinampa 54, na slesi mbili za mkate zilizopakwa jemu kwa uchache zinampa 41. Hiyo ni 95 nyingine. Ndizi na mkate vinafaa basini kwa sababu havichuruziki, havinuki na havichachi kwenye joto. Wali uliopikwa saa kumi usiku na kufungiwa kwenye chombo chenye mvuke hadi saa saba mchana haufai, na sababu yake tutaiona mwishoni.

Basi likisimama kwa chakula, anaacha foleni ya chipsi na kwenda upande wa wali. Sahani ya wali mweupe yenye vikombe viwili na nusu ni 112, pamoja na kipande cha kuku au samaki, na soda ya mililita 300, 32. Mchana umetoa 144. Chipsi nazo zina wanga, ila kila konzi inakuja na mafuta yanayokaa tumboni kwa muda mrefu na kuzima hamu ya kula, wakati anachohitaji ni kuwa na njaa tena baada ya saa mbili. Saa tisa alasiri: tende nane ndogo, 40, na juisi ya boksi ya mililita 250, 28. Ni 68. Akifika Moshi na kuchukua chumba, saa kumi na nusu, uji mwepesi wa sembe gramu 40 wenye sukari gramu 20 unampa 51.

Mpaka hapo ana 456. Deni lililobaki kwa jioni ni gramu 144, na huu ndio mlo wa usiku wa kuamkia mbio unaoitwa mkubwa. Si mlima wa chakula. Ni mchele mkavu wa gramu 150, ambao ni 117 za wanga, ukiiva unakuwa wali wa gramu 420 hivi, sahani moja iliyojaa vizuri bila kumwagika. Ni ndizi mbivu moja baada ya chakula, 27, na chai ya rangi yenye vijiko viwili vya sukari, 8. Jumla 152. Siku imefunga kwa 608.

Pembeni ya wali anaweka kipande cha kuku wa kuchemsha au samaki, kiasi cha kiganja, na mchuzi mwepesi wa nyanya wenye chumvi ya kawaida. Chumvi haiogopwi usiku huu, jasho la kesho litaihitaji. Kinachoepukwa ni tui zito, pilau la mafuta, maharage, kunde, mchicha mwingi na kachumbari yenye pilipili. Vyote ni vyakula vizuri siku nyingine, na maharage hasa ni chakula ambacho tungependa wakimbiaji wayale wiki nzima. Usiku huu nyuzinyuzi zake zinavuta maji utumboni na kuchachuka huko, na zao lake ni gesi na haja kubwa ambayo itataka kutoka kilomita ya sita. Kwa sababu hiyo hiyo sembe inashinda dona usiku mmoja huu tu.

Moshi ni nchi ya ndizi, na mgeni atakaribishwa machalari au mtori. Ndizi za kupika ni chanzo kizuri cha wanga na tumbo huzipokea kwa upole. Tatizo la machalari ni nyama yenye mafuta na kuwa vigumu kujua ndizi ni ngapi ndani ya bakuli. Kama unazipika mwenyewe, pima ndizi zilizomenywa kabla hazijaingia sufuriani, uzihesabie wanga wa gramu 25 kwa kila 100. Kwa gramu 117 utahitaji karibu nusu kilo ya ndizi zilizomenywa, na hapo unaona kwa nini wali ni mwepesi kufikia lengo. Viazi mviringo vya kuchemsha ni vizito zaidi kwa tumbo. Vina 20 hivi kwa kila 100, kwa hiyo ungekula zaidi ya nusu kilo kupata wanga ule ule ulio kwenye sahani moja ya wali.

Saa ya kula ina uzito sawa na gramu. Tuchukulie mbio inaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chakula kiwe mezani saa kumi na mbili na nusu jioni, au saa moja kasoro. Gesti nyingi hazipakui saa hiyo, na wali wa saa tatu usiku unaharibu usingizi. Dawa yake ni kumwona mpishi mapema, mara tu baada ya kushusha mizigo, na kumweleza unachotaka bila kumwachia akisie.

"Shikamoo mama. Naomba wali mweupe wa saa kumi na mbili na nusu, mchuzi uniwekee pembeni."

"Marahaba mwanangu. Maharage nikuwekee kidogo?"

"Leo hapana mama, nakimbia alfajiri. Nitayala kesho mchana. Na mchele nimekuja nao, huu hapa, naomba uupike wote peke yake."

Kumpelekea mpishi mchele uliopimwa ni jambo linalokubalika kabisa kwa mama ntilie, ukimlipa mkaa na kazi yake. Gramu 150 zimefungwa kwenye mfuko tangu Dar, zimepimwa kwa utulivu. Chochote kitakachotoka kwenye sufuria ile, kikavu au bokoboko, kina 117. Tunaipenda njia hii kuliko zote.

Asubuhi inafuata hesabu yake ndogo. Wakati umelala, ini linalisha ubongo na linatumia sehemu kubwa ya akiba yake. Misuli haitoi chake. Kwa hiyo mlo wa alfajiri ni wa ini, si wa kurudia kazi ya jana. Saa kumi na dakika chache, zaidi ya saa mbili kabla ya kuanza, slesi nne za mkate, jemu vijiko viwili na chai yenye sukari vinampa 90 hivi, gramu moja na nusu kwa kilo. Kipimo cha kawaida ni gramu 1 hadi 4 kwa kilo, ndani ya saa moja hadi nne kabla ya mbio, na kadiri unavyokaribia kuanza ndivyo unavyopunguza.

Akipanda kwenye mizani asubuhi hiyo anaweza kukuta amezidi kilo moja na akaingiwa na hofu kwamba amenenepa. Kila gramu ya glaikojeni inahifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ongezeko hilo ndilo ushahidi kwamba kujaza kumefanyika, na maji yale yanaachiliwa kadiri akiba inavyotumika. Mwenye kufuata mpango huu asipoona mabadiliko yoyote kwenye mizani ana sababu ya kurudia mahesabu yake ya mchana.

Lakini akiba ikijaa kabisa bado haimalizi safari. Mtu wa kilo 60 anatumia karibu kilokalori moja kwa kila kilo kwa kila kilomita, yaani kama 2,500 kwa kilomita 42. Glaikojeni ya misuli na ini kwa mtu wa umbo lake, ikijaa vizuri, ni gramu 400 hadi 500, ambazo ni kilokalori 1,600 hadi 2,000, na misuli ya mikono haiwezi kuikopesha miguu. Mafuta ya mwili yanachangia, ila polepole. Ndiyo maana njiani anahitaji wanga wa gramu 30 hadi 60 kwa saa kutoka kwenye kinywaji au jeli, akianza mapema kabla hajajisikia kuishiwa. Njia ya Moshi inalifanya hili kuwa zito zaidi, kwa sababu sehemu ya kwanza ni tambarare inayokushawishi kukimbia haraka, na mpando wa kuelekea Mweka unakuja baadaye, akiba ikiwa imeshaguswa.

Mbio ikienda vibaya, mahali pa kuchunguza panategemea dalili na kilomita iliyotokea. Tumbo likiwa zito tangu kilomita ya tano, kucheua kukiwa na ladha ya chakula cha jana, mwenye kosa ni mafuta, nyuzinyuzi au saa ya kula, na gramu zinaweza kuwa zilikuwa sahihi kabisa. Tumbo likiwa tulivu, lakini miguu ikawa mitupu ghafla baada ya kilomita ya 28 au 30, kichwa kikawa chepesi na hasira zikaja bila sababu, ni akiba iliyokwisha. Hapo rudi kwenye karatasi ya siku nzima, uone kama mchana ulikuwa na chakula au basi tu, kisha utazame mwendo wa nusu ya kwanza na ulichokunywa njiani. Mtu akilaumu wali wa usiku kwa kosa la mwendo, mwaka unaofuata ataongeza wali na kuishiwa pale pale.

Mpango huu una mipaka yake. Anayekimbia kilomita 5 asubuhi ile ile hana haja nao, wala anayemaliza nusu marathoni ndani ya saa moja na nusu. Mlo wa kawaida unawatosha. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asijaribu gramu 600 bila kupanga na daktari wake. Na asiyezoea kula wanga mwingi kiasi hiki aujaribu kwanza wiki tatu au nne kabla, jioni ya kuamkia mazoezi marefu, kwa mchele ule ule na saa ile ile. Tumbo nalo hufundishika.

Limebaki suala la kiporo. Saa kumi alfajiri, jiko la gesti limefungwa, na kwenye sufuria kuna wali uliobaki wa watu wengine. Ni wanga, hesabu yake inajulikana, na njaa ipo. Uache. Mchele una mbegu za bakteria aitwaye basilasi sereasi ambazo hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa kwenye joto la chumba usiku kucha zinachipua na kutoa sumu, na sumu inayosababisha kutapika haiharibiki hata ukiupasha moto tena. Kutapika kunaweza kuanza ndani ya nusu saa hadi saa sita baada ya kula, muda ambao mkimbiaji atakuwa amesimama kwenye mstari au anapanda Mweka. Mkate aliotoka nao Dar uwe bado na slesi nne kwenye mfuko usiku huo, na jemu iwe kando yake.